Kufunga Vituo vya Idhini: Jinsi ya Kupokea Marekebisho ya Mteja Bila Kuirudia Animesheni Nzima

Maombi ya marekebisho yanayoumiza zaidi huwa mafupi. "Tubadilishe tu hiyo sentensi moja." Mteja anaiona sentensi. Wewe unaona midomo ya mhusika iliyokwisha kulinganishwa na sauti, mkono uliopangwa uinuke neno fulani linapotamkwa, na pigo la muziki linaloingia mara tu sentensi inapoisha. Ukigusa chini, vyote vilivyojengwa juu yake vinayumba. Sentensi ileile ikibadilishwa wakati wa muswada inakula dakika tano, na ikibadilishwa baada ya kurenda, yaani kompyuta ikishatoa picha za mwisho, inaweza kula wiki.

Mwongozo huu unaeleza namna ya kugawa kazi katika vituo ambavyo mteja anaidhinisha kimoja kimoja, na kila kikiidhinishwa kinafungwa. Mfano nitakaoutumia ni video ya animesheni ya 2D ya sekunde 60, yenye wahusika wanaozungumza, inayoeleza huduma ya kusafirisha mizigo. Inaenda kwa fremu 25 kwa sekunde, yaani fremu 1500 kwa jumla. Muda wake hauna mjadala: mteja amenunua nafasi ya tangazo ya sekunde 60 kamili.

Hatua ya 1: Amua vituo, na uandike kila kimoja kinafunga nini

Vituo vitano vinatosha kwa kazi ya ukubwa huu. Wapo wanaoweka kumi, lakini mteja akiombwa idhini mara kumi huanza kujibu "sawa" bila kuangalia, na idhini ya namna hiyo haina thamani.

Cha kwanza ni muswada. Kikifungwa, maneno hayabadiliki. Cha pili ni mwonekano: sura za wahusika, mavazi, rangi, na fremu mbili au tatu zilizokamilishwa kabisa ili mteja aone picha ya mwisho itakavyokuwa. Cha tatu ni animatiki, yaani michoro ya storibodi iliyopangwa kwenye muda pamoja na sauti. Hapa unafunga mpangilio wa shoti, urefu wa kila shoti, na sauti yenyewe. Cha nne ni mikao mikuu: wahusika wanaruka kutoka mkao mmoja hadi mwingine bila miendo ya katikati, na kinachofungwa ni uigizaji wao. Cha tano ni picha kamili, pamoja na muziki na milio.

Kituo cha tatu ndicho uti wa mgongo. Ukikosa nguvu ya kusimamia vyote vitano, simamia hicho. Kabla ya animatiki kufungwa, shoti ni michoro michache unayoweza kuitupa mchana huohuo. Ikishafungwa, kila fremu unayoiongeza kwenye shoti ya mwanzo inazisukuma zote zinazofuata.

Jambo moja husahaulika hapa. Usifunge animatiki kwa sauti ya majaribio uliyojirekodi mwenyewe kwenye simu. Msimulizi halisi atasoma kwa kasi yake, atapumua mahali ambapo wewe hukupumua, na muda wote uliofungwa utakuwa wa uongo. Rekodi sauti ya mwisho kwanza, iweke kwenye animatiki, ndipo uombe idhini.

Kwenye mkataba, kila kituo kiandikiwe mistari miwili tu: kinachofungwa, na kinachobaki wazi. Mfano: "Animatiki ikiidhinishwa, maneno, sauti, idadi ya shoti na urefu wake vimefungwa. Mikao, miendo na ishara za uso bado viko wazi." Mstari wa pili unamtuliza mteja, kwa sababu anaona bado ana nafasi ya kusema. Malipo nayo yafuate vituo. Awamu ya pili ya fedha ikifungamanishwa na idhini ya animatiki, mteja ataiangalia animatiki kwa makini asiyokuwa nayo idhini ikiwa ya bure.

Hatua ya 2: Mjue anayeidhinisha kwa jina

Kwenye mkataba kuwe na jina la mtu mmoja. Usikubali "idara ya masoko", wala "timu yetu". Kisha muulize mtu huyo swali hili waziwazi kabla hujachora chochote: "Kuna mtu yeyote juu yako ambaye asipoipenda video hii haitatoka?"

Jibu likiwa "ndiyo, mkurugenzi", basi mkurugenzi lazima aione animatiki. Si lazima ahudhurie kila kikao. Ila akiiona video kwa mara ya kwanza ikiwa imekamilika, uwe na uhakika atakuwa na la kusema, na atakalosema litakuwa la muswada. Mimi huandika kwenye mkataba kwamba maoni ya mtu ambaye hakushiriki kwenye kituo kilichofungwa yanahesabiwa kuwa ombi la kukifungua upya. Mara nyingi sentensi hiyo inatosha kumfanya afisa unayefanya naye kazi amtafute bosi wake mapema.

Hatua ya 3: Onyesha kile tu unachotaka kiamuliwe

Watu hutoa maoni juu ya kile wanachokiona. Animatiki ikiwa na rangi nzuri kwenye shoti mbili na michoro ya penseli kwenye zilizobaki, nusu ya maoni yatakuwa kuhusu rangi, na kuhusu kwa nini shoti nyingine "hazijaisha". Kwa hiyo animatiki iwe ya kijivu kuanzia mwanzo hadi mwisho.

Pamoja na faili, tuma maswali. "Unaonaje?" ni swali linaloleta lolote. Kwa animatiki mimi huuliza matatu: Je, unaielewa hadithi bila mtu kukueleza? Kuna mahali panapokwenda haraka mno au pole mno? Kuna jambo la huduma yako lililoelezwa kimakosa? Chini yake naongeza mstari unaosema rangi na ulaini wa miendo vitakuja katika vituo vya mbele, havijadiliwi leo.

Kila video unayotuma iwe na namba za muda zinazokimbia kwenye pembe ya picha. Bila hizo utapokea maoni kama "pale anapogeuka", na mhusika amegeuka mara sita. Kama programu yako haiziweki kwa urahisi, amri hii ya `ffmpeg` inazichapa juu ya picha. Ikilalamika kuhusu fonti, ongeza `fontfile=` pamoja na njia ya faili ya fonti.

```
ffmpeg -i animatiki_v02.mp4 -vf "drawtext=timecode='00\:00\:00\:00':rate=25:fontsize=36:fontcolor=white:box=1:boxcolor=black:x=20:y=20" -c:a copy animatiki_v02_muda.mp4
```

Namba mbili za mwisho ni fremu. Kwa hiyo `00:00:24:10` maana yake ni sekunde ya 24, fremu ya 10.

Hatua ya 4: Pokea maoni kwa mkupuo mmoja, kisha uyapange

Mzunguko mmoja wa marekebisho ni orodha moja, iliyotumwa mara moja, na mtu yule mwenye jina kwenye mkataba. Tofauti kati ya wenzake waimalize wao kwa wao kabla orodha haijakufikia. Mmoja akiandika "muziki uchangamke" na mwingine "muziki utulie", rudisha orodha nzima kwa upole na uwaombe wakubaliane. Ukichagua upande, umenunua ugomvi usiokuhusu.

Mizunguko miwili kwa kila kituo ni kiasi cha haki, isipokuwa picha kamili, ambayo inastahili mmoja, maana kufika hapo mambo makubwa yalikwisha kuamuliwa. Maoni ya ujumbe wa sauti uliotumwa usiku yapokee, yaandike, mrudishie mtumaji, umwombe ayatie kwenye orodha. Ukianza kuyafanyia kazi moja kwa moja, orodha imekufa.

Orodha ikifika, kila ombi linaingia kwenye fungu mojawapo kati ya matatu. La kwanza ni makosa yenu: mliidhinishiwa shati la bluu, limetoka la kijani. Hayo unarekebisha bila malipo na hayahesabiwi kwenye mzunguko wowote. La pili ni marekebisho ya kituo mlichopo, ambayo ndiyo kazi ya mzunguko. La tatu ni maombi yanayogusa kituo kilichofungwa. Haya usiyafanye na usiyakatae. Yaandikie makadirio, kama nitakavyoonyesha kwenye hatua ya 6.

Vipi mteja akikaa kimya? Mikataba mingi ina kifungu kinachosema kwamba siku kadhaa zikipita bila jibu, kazi imeidhinishwa. Kwangu kifungu hicho hakifai kwa animatiki. Unaweza kuwa na haki kwenye karatasi, lakini mteja asiyeitazama bado atakuja na maoni yake baadaye, na mtabishana juu ya karatasi huku video ikiwa imesimama. Afadhali kifungu kiseme hivi: maoni yanatakiwa ndani ya siku 3 za kazi, na kila siku inayozidi inaisogeza mbele tarehe ya kukabidhi kwa siku hiyohiyo. Kazi haiendi kituo kinachofuata bila neno "naidhinisha".

Hatua ya 5: Funga kwa maandishi

Kufunga kwenyewe ni ujumbe mfupi wa barua pepe. Uandike wewe, yeye ajibu tu:

"Ndugu, naambatanisha faili `mizigo_animatiki_v03.mp4`. Ukijibu 'naidhinisha', tunafunga maneno, sauti, shoti zote 9 na urefu wa kila shoti, na kesho tunaanza mikao mikuu. Badiliko lolote la mambo hayo baada ya hapo litahitaji makadirio mapya ya muda na gharama. Mikao, miendo na ishara za uso bado ziko wazi."

Jina la faili litajwe lilivyo. Mabishano mengi hutokea kwa sababu mteja alikuwa anatazama toleo la pili lililobaki kwenye simu yake wakati wewe umefunga la tatu. Akijibu, nakili faili hiyo pamoja na faili za mradi kwenye folda inayoitwa `IMEFUNGWA`, uifanye isiandikike. Usiendelee kufanya kazi ndani ya mradi uleule uliofunga. Anza nakala mpya. Siku mteja akisema "ile ya kwanza ilikuwa bora", utaifungua ya kwanza kama ilivyokuwa.

Hatua ya 6: Mteja akitaka kukifungua kituo

Turudi kwenye video ya mizigo. Tuko kwenye mikao mikuu, animatiki ilikwisha kufungwa, na orodha ya mzunguko wa kwanza imekuja na mambo matatu kuhusu shoti ya 4. Shoti hiyo ina fremu 120, kuanzia ya 601 hadi ya 720. Ndani yake msafirishaji anaishika simu iliyo mezani na kusema, "Mzigo wako unafika ndani ya siku mbili."

Ombi la kwanza: simu ni ndogo, haionekani vizuri. Ombi la pili: shati la msafirishaji liwe la rangi ya machungwa badala ya bluu. Ombi la tatu: sentensi iwe "Mzigo wako unafika ndani ya saa arobaini na nane, popote ulipo."

La simu, ukiangalia kwa ukali, linagusa mchoro wa kituo cha mwonekano. Lakini tuko kwenye mikao mikuu, na mkono unaishika simu katika mikao mitatu tu. Kuikuza na kuisahihisha mikao hiyo ni chini ya saa moja. Liingize kwenye mzunguko na usilitaje. Kufuli zipo kwa ajili ya kulinda kazi, na ukizitumia kwenye kila sentimita mteja atakuona karani.

La shati linategemea rigi, yaani mfumo wa vipande unaomwendesha mhusika, ilivyojengwa. Kama rangi zote zinatoka kwenye paleti moja, unabadilisha rangi moja na shoti zote zinafuata. Kama shati limepakwa fremu kwa fremu, ni kazi ya siku nyingi. Hata kwa paleti usikimbilie kusema "hiyo rahisi". Bluu ilichaguliwa ili mhusika aonekane mbele ya ukuta wa njano, na rangi ya machungwa juu ya njano itammeza. Badilisha kwenye fremu mbili tu, ile ya ukutani na moja ya nje, umtumie. Yule wa video ya mizigo alipoona fremu ya ukutani aliomba bluu ibaki, na ombi likafa bila mtu kushindana na mwingine.

La sentensi ndilo linalofungua kituo. Kabla ya kujibu, pima. Soma sentensi mpya kwa kasi ya msimulizi huku ukihesabu kwa saa ya kupimia, mara tatu. Sentensi ya zamani ilichukua sekunde 2.8, yaani fremu 70. Mpya inachukua sekunde 4.4, yaani fremu 110. Zimeongezeka fremu 40. Video ilikuwa imejaa fremu 1500, kwa hiyo 40 hizo lazima zikatwe mahali pengine, na mapigo ya muziki ya shoti ya 5 hadi ya 9 yote yatasogea hadi utakapokata.

Sasa angalia kama kuna njia ya kumpa anachokitaka kwa bei ndogo. Mteja hasa anataka nini? Ukimpigia na kumuuliza, anasema washindani wake nao wanaahidi "siku mbili", na yeye anataka idadi ya saa itajwe. "Popote ulipo" iliongezwa na mwenzake. Ukiiacha hiyo, sentensi inakuwa "Mzigo wako unafika ndani ya saa arobaini na nane", sekunde 3.2, fremu 80. Limebaki ongezeko la fremu 10, na mwisho wa shoti ya 4 kuna kipande cha kimya cha fremu 15 ambapo msafirishaji anatabasamu tu. Fremu 10 zinaingia humo, zinabaki 5 za tabasamu, na hakuna shoti nyingine inayosogea.

Mwandikie njia tatu, kwa saa za kazi:

"Njia A, sentensi nzima kama ulivyoandika: kurekodi sauti upya saa 2, kuipanga animatiki upya saa 2, uigizaji na midomo ya shoti ya 4 saa 4, kukata fremu 40 kwenye shoti ya 7 na kusogeza shoti zilizoathirika saa 5, muziki saa 1. Jumla saa 14, na tarehe ya kukabidhi inasogea kwa siku 2 za kazi. Shoti ya 7 itapoteza sehemu ya mteja kufungua boksi.

Njia B, bila 'popote ulipo': sauti saa 2, animatiki saa 1, midomo ya shoti ya 4 saa 2. Jumla saa 5, tarehe haibadiliki.

Njia C ni kubaki na sentensi ya sasa, bila gharama.

Tunaendelea na shoti nyingine wakati tunasubiri uamuzi wako. Shoti ya 4 imesimama."

Sentensi ya boksi kwenye Njia A usiiache. Mteja hajui kwamba kuongeza hapa ni kupunguza kule, na mara nyingi kile atakachokipoteza kinamshawishi kuliko idadi ya saa. Sentensi ya mwisho nayo ina kazi yake: inamwonyesha nini kinamsubiri yeye, na inakuzuia wewe usihuishe shoti ambayo huenda ikatupwa. Alichagua B. Sauti mpya iliporudi, tulitengeneza `mizigo_animatiki_v04.mp4`, tukaifunga kwa ujumbe uleule wa hatua ya 5, na v03 ikabaki kwenye folda yake.

Kuna kufungua kusikojadiliwa bei kwanza. Namba ya simu ikiwa imekosewa, au video inaahidi kitu ambacho sheria hairuhusu mteja kukiahidi, simamisha kazi hapohapo, rekebisha, na suala la nani analipa lifuate kosa lilitoka kwa nani. Kama lilikuwa kwenye muswada walioidhinisha wao, ni lao.

Ukiona kufuli haishiki

Dalili ya wazi ni maoni ya hadithi yanayokuja kwenye mikao mikuu: "kwa nini amekwenda mlangoni?" Mlango ulikuwepo kwenye animatiki kwa wiki mbili. Hapo tatizo mara nyingi ni kwamba mteja aliidhinisha kitu asichoweza kukisoma. Michoro ya penseli inaeleweka kwa mtu wa fani, lakini mtu wa masoko anaweza kuwa hajawahi kuiona animatiki maishani mwake, na aliona aibu kusema.

Kwa mteja wa namna hiyo, tengeneza shoti moja ya mfano kabla ya kufunga animatiki. Chagua fupi, ya sekunde 3 au 4, uipeleke hadi mwisho: rangi, miendo, sauti. Kisha mwonyeshe shoti hiyohiyo katika hali zake tatu, mchoro wa kijivu, mikao inayorukaruka, na picha kamili, moja baada ya nyingine. Gharama yake ihesabiwe kwenye makadirio ya awali, na shoti yenyewe inabaki kwenye video. Ichague ile ambayo huna wasiwasi kwamba muswada wake utabadilika, kwa kawaida ya mwanzo au ya nembo. Baada ya hapo kaa naye, ana kwa ana au kwa simu ya video, mcheze animatiki yote mara mbili: ya kwanza bila kusimama, ya pili ukisimamisha kila shoti na kumwomba yeye akueleze nini kinatokea. Mahali anapobabaika ndipo pa kuchora upya kabla hujaomba idhini.